Uzi uliochakaa si kidole dhaifu

"Misuli midogo bado, lugha nzuri, anashirikiana na wenzake." Nikikuta sentensi hiyo kwenye daftari la mwalimu wa awali, sijui mtoto alifanya nini. Mimi huandika kwanza nilichokiona na kukisikia, kisha napiga mstari, na maoni yangu yanakaa chini yake. Hapa kuna mfano wa mtoto wa miaka 4 na miezi 2, akitunga vizibo vya chupa za maji tulivyovitoboa katikati:

"Saa 3:40 asubuhi, mkekani. Kizibo mkono wa kushoto, uzi kati ya kidole gumba na cha shahada cha kulia. Amekosa tundu mara nne. Ameilamba ncha ya uzi, ameisokota, imepita. Ametunga vizibo 6. Kimoja kimedondoka: 'Kizibo yangu imeanguka.' Amemwambia mwenzake mwenye kopo: 'Ukimaliza utanipa nyekundu?' Hakujibiwa. Ameendelea na vya bluu mpaka kopo likaachwa."

Sasa chini ya mstari. Kule kukosa tundu mara nne ndiko kunakomvuta mwalimu aandike "misuli dhaifu". Lakini uzi ulikuwa umefumuka nchani, na mtoto aligundua hilo mwenyewe. Mikono yake miwili ilikuwa inagawana kazi, mmoja umetuliza kizibo na mwingine unasukuma uzi. Ili nisibahatishe, kesho yake nilizungushia ncha selotepu na kumpa kazi ileile. Angekosa tena, hapo ningeangalia anashika uzi umbali gani kutoka nchani, maana ukishikwa mbali unapinda hata kwa mtu mzima. Hakukosa.

Kwenye lugha, msikilizaji wa haraka ataishia kwenye "kizibo yangu". Upatanisho wa ngeli kwa umri huu mara nyingi haujatulia, na mjini anausikia hivyohivyo kwa wakubwa. Mimi napima zaidi "ukimaliza utanipa": sharti, wakati ujao, anayetoa na anayepewa, vyote katika maneno mawili. Ndiyo maana naandika maneno yake kama yalivyotoka. Ningemsahihisha ndani ya nukuu, habari yenyewe ingepotea.

Kuhusu wenzake naandika kwa tahadhari. Aliomba badala ya kunyakua, akavumilia kimya. Huenda ni subira, huenda alimwogopa yule mwenzake, na tukio moja haliwezi kunitenganishia hayo mawili. Kwa hiyo sehemu hii nimeiacha wazi. Nitamtazama kwenye bembea, ambako zamu inagombewa kwa sauti, na wakati wa uji, akiwa amekaa na watoto wengine kabisa. Akinyamaza kila anapokuwa karibu na yuleyule mmoja tu, nitawabadilishia meza kwanza kabla sijaandika chochote kuhusu tabia yake.