Theluthi moja ya nini? Dhana potofu kuhusu muhtasari

Kazi yangu hapa Mwanjelwa ni kuandika na kufupisha nyaraka za watu. Anayeleta ripoti huwa na neno moja tu, "nifanyie muhtasari", kisha anaondoka. Hasemi urefu wala atakayeusoma. Akirudi akakuta ukurasa mmoja, ananikumbusha alichofundishwa shuleni.

"Muhtasari ni theluthi moja ya andiko."

Hii ndiyo inayonichosha. Theluthi ni kanuni ya ufupisho kwenye mtihani wa Kiswahili, ambako mwalimu anahitaji kipimo kimoja ili asahihishe madaftari yote kwa haki. Msomaji wa ufupisho huo ni mwalimu mwenyewe, na habari ameshaisoma. Nje ya darasa, msomaji wa muhtasari ni yule ambaye hajasoma andiko na hatalisoma.

Chukua ripoti niliyoletewa na katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa wilayani Mbozi (tarakimu nimezibadilisha). Ilikuwa ripoti ya ukaguzi wa hesabu, kurasa 36. Theluthi yake ni kurasa 12. Ukurasa wa aina ile una maneno kama 350, na mtu anayesoma kwa sauti taratibu hutoa maneno kama 120 kwa dakika. Kurasa 12 ni dakika 35 za kusomewa, mbele ya watu waliotoka shambani.

Nilijuaje kwamba itasomwa kwa sauti? Katibu hakuniambia. Ila ndani ya bahasha mlikuwa na tangazo la mkutano mkuu, na ajenda mojawapo ilikuwa kupokea taarifa ya mkaguzi. Kwa hiyo msomaji wangu ni mwanachama anayesikiliza, na mwisho wa ajenda atanyoosha mkono kukubali au kukataa. Hapo urefu ukajipanga wenyewe: dakika tano, yaani maneno 600 hivi, kurasa mbili zisizojaa.

Kiini nacho kilitoka kwa msomaji huyohuyo. Ripoti ilianza na historia ya chama, ikaja mipaka ya kazi ya mkaguzi na taratibu alizotumia. Vyote hivyo nilivipa sentensi moja. Nilianza na hati: mkaguzi ametoa hati yenye shaka, kwa sababu malipo ya shilingi milioni 4.2 hayana viambatisho. Ikafuata tofauti kati ya kilo zilizopokelewa kwa wakulima na kilo zilizouzwa, maana hiyo inagusa malipo ya pili ya kila aliyekaa pale. Kisha madeni ya pembejeo, na mwisho ukomo wa madeni ambao bodi inaomba mkutano uupitishe. Jedwali la uchakavu wa mali, ambalo kwenye ripoti lilikuwa na kurasa tatu, sikuligusa.

Ripoti hiyohiyo ingekuwa inakwenda kwa ofisa mikopo wa benki, ningegeuza kila kitu. Huyo anasoma kimya, mezani, na anataka kujua kama chama kitalipa. Madeni na mali vingepanda juu, na lile jedwali la uchakavu lingerudi, kwa sababu mashine ya kukobolea iliyochakaa ni dhamana dhaifu.

Pasipo tangazo wala barua ya kuambatisha, naandika ukurasa mmoja kwa mtu mwenye akili timamu asiye mtaalamu, matokeo yakitangulia. Juu kabisa naweka mstari: "Umeandikwa kwa ajili ya wanachama." Mteja akiuona, husema mwenyewe kama nimekosea.

"Kila sura ipate haki yake."

Haki ya nani? Sura haisomi. Mwandishi wa ripoti alipanga sura ili aonyeshe kazi yake. Msomaji wako anatafuta jibu, ambalo mara nyingi limejificha kwenye mapendekezo, karibu na mwisho.

"Ukimuuliza mteja, ataona hujui kazi."

Muulize swali moja tu akiwa bado mlangoni: "Nani atausoma?" Ukimuuliza kuhusu urefu atakujibu theluthi, tumeshaongea.

"Fupi zaidi ndiyo bora."

Hapana, na hapa vijana wangu wawili hukosea kila mara. Kinachokatwa kwanza huwa ni masharti, maana yanarefusha sentensi. Mama mmoja wa Rungwe alileta mkataba wa kuuza parachichi. Kijana akaandika kwamba mnunuzi atachukua parachichi zote. Mkataba ulisema atachukua zote zilizofikia uzito uliotajwa na zisizo na michubuko. Nilimrudishia aongeze maneno saba, akanuna kwamba mstari umekuwa mrefu. Mama alipousoma pale kaunta aliuliza papo hapo, "Sasa hizo zitakazobaki nazipeleka wapi?" Akaondoka na mkataba wake bila kusaini.