Tangazo la watu mia sita: ninavyolisoma kabla halijatoka

Alhamisi moja jioni, saa mbili hivi, katibu wa chama cha akiba na mikopo alinitumia rasimu ya tangazo. "Kaka, liangalie mara moja tu, nalituma sasa hivi." Wanachama wake ni zaidi ya mia sita, na wote walikuwa walipokee kwa ujumbe mfupi wa simu. Rasimu yenyewe ilikuwa hii:

"Wanachama wote mnataarifiwa kuwa Mkutano Mkuu wa Mwaka uliohairishwa utafanyika Jumamosi tarehe 15 Machi 2026 saa 9:00 asubuhi, mahari ni ukumbi wa shule, ng’ambo ya soko. Mgeni rasmi atakuwa Mkuu wa Wilaya, Mh. Mhandisi (jina lake kamili). Wenye haki ya kupiga kula waje na vitambulisho vya uanachama. Imetolewa na Bi. Baraka, Katibu wa Kamati ya Uchaguzi."

Nimekuwa nikisoma prufu kwa miaka mingi, kwanza kwenye kiwanda cha uchapaji, sasa kwa yeyote anayenitumia. Kitu nilichojifunza mapema ni kutosoma tangazo mara moja nikitafuta kila kosa kwa pamoja. Jicho likitafuta vitu vinne halioni hata kimoja. Napita mara ya kwanza kwa tarehe na saa tu, mara ya pili kwa vyeo, ya tatu kwa majina, na tahajia naiacha mwisho. Watu wengi huanza na tahajia kwa sababu ndiyo inayoonekana. Lakini mtu akikuta "mahari" atacheka na bado atafika mkutanoni, ila akikuta siku isiyo sahihi hafiki.

Tuanze basi na tarehe. Nilifungua kalenda, nikakuta tarehe 15 Machi 2026 ni Jumapili. Nikajua papo hapo kilichotokea: katibu alichukua tangazo la mwaka jana, akabadili mwaka tu. Tarehe 15 Machi 2025 ilikuwa Jumamosi kweli. Mwaka wa kawaida una siku 365, yaani wiki 52 na siku moja juu, kwa hiyo tarehe ile ile husogea siku moja mbele kila mwaka. 2025 Jumamosi, 2026 Jumapili, 2027 Jumatatu. Mwaka 2028 Februari ina siku 29, kwa hiyo tarehe 15 Machi itaruka mpaka Jumatano. Ndiyo maana tangazo lililonakiliwa kutoka la mwaka uliopita karibu kila mara huwa na siku na tarehe zinazogombana.

Kama huna kalenda karibu, ipo njia ya kichwani. Katika mwaka wowote, tarehe 4 Aprili, 6 Juni, 8 Agosti, 10 Oktoba na 12 Desemba huangukia siku moja ya wiki. Ukijua Nane Nane ya mwaka huo ni siku gani, umezijua zote tano, na nyingine unahesabu kutoka hapo. Kwa 2026 ni Jumamosi.

Siku na tarehe zikigombana, msoma prufu hana ruhusa ya kuchagua. Mimi sikujua kama mkutano ni Jumamosi au ni tarehe 15, na kubahatisha kungelifanya kosa lionekane safi, likapita bila mtu kulishtukia. Nilimpigia katibu, naye akafungua muhtasari wa kikao. Humo iliandikwa Jumamosi, yaani tarehe 14. Kamati ilikuwa imeikwepa Jumapili makusudi kwa sababu ya ibada, na iliweka mkutano asubuhi kwa sababu mwezi ule ungekuwa Ramadhani, wafungaji wapate kurudi nyumbani mapema. Kama ningeibadili siku iwe Jumapili ili ilingane na ile 15, ningevuruga yote hayo kwa neno moja.

Kisha saa. "Saa 9:00 asubuhi" haipo kwa Kiswahili. Saa tisa ni ya alasiri, au ya usiku kwa walinzi na wanaosafiri na mabasi ya alfajiri. Katibu aliangalia simu yake inayoonyesha 9:00, akaandika alichokiona. Anayesoma haraka atajirekebishia mwenyewe, lakini mwingine atachagua kuliamini neno "saa 9" na kuliacha "asubuhi", aje mchana wajumbe wakikunja viti. Saa ya Kiswahili na ya kizungu zinapishana saa sita, kwa hiyo 9:00 ya asubuhi ni saa 3:00. Nikikuta saa yoyote kwenye tangazo nailinganisha na neno linaloifuata. Saa moja hadi saa tano huenda na asubuhi au usiku, saa nane na tisa huenda na mchana au usiku wa manane. Zikikataana, simu kwa mwandishi.

Usiku nao una mtego wake. Kwa wazee wengi wa pwani, na kwa yeyote anayehesabu siku kuanzia magharibi, "usiku wa Ijumaa" ni ule unaoanza Alhamisi jua likizama. Kwa kijana wa mjini ni Ijumaa yenyewe baada ya kazi. Tangazo la maulidi au la mkesha likisema hivyo, nusu ya watu watakuja siku moja kabla ya wenzao. Naandika "Alhamisi usiku, kuamkia Ijumaa" hata kama inaonekana ndefu. Na mwezi naandika kwa jina, si 03/04/2026, hasa chama kikiwa na wanachama walioko Marekani, maana huko hiyo ni tarehe 4 Machi.

Sasa vyeo. Jina la mgeni rasmi lilikuwa limeandikwa vizuri, kila herufi mahali pake. Ila lilikuwa la mgeni wa mwaka jana. Wakuu wa wilaya huteuliwa na Rais, na wote tunajua panga pangua inavyoweza kutokea usiku mmoja, mtu akalala hapa akaamka amehamishwa. Huyu wa kwenye rasimu alikuwa ameshaondoka wilayani. Kwa hiyo kwa cheo chochote cha kuteuliwa nauliza siku ile ile ya kutuma, siyo siku ya kuandika. Kama jina si la lazima, naliondoa na kubakiza ofisi: "Mgeni rasmi: Mkuu wa Wilaya". Ofisi haihamishwi.

Ofisi zenyewe pia huchanganywa. Mkuu wa Wilaya, Katibu Tawala wa Wilaya na Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ni watu watatu tofauti, na kila mmoja atakumbuka siku ulipompa cheo cha mwenzake. Neno "Kaimu" usilifute kwa kudhani unampa mtu heshima, kwa sababu unampa nafasi ambayo hajapewa. Kuhusu "Mh." na "Mhe.", mimi natumia "Mhe." kama zinavyoandikwa barua nyingi za serikali, lakini ugomvi wangu si huo. Ugomvi wangu ni tangazo moja lenye zote mbili.

Kwenye majina ya watu nina kanuni moja tu, kwamba jina huandikwa kama mwenyewe anavyoliandika. Abdallah, Abdalla na Abdala ni watu watatu. Yusuf na Yusuph pia. Usimsahihishe mtu jina lake kwa kamusi, na usilitoe kichwani hata kama mmekaa mtaa mmoja miaka ishirini. Nalilinganisha na daftari la wanachama au na barua aliyoisaini mwenyewe, nikisoma herufi kutoka mwisho kurudi mwanzo, kwa sababu ukisoma kwa kawaida macho yanamaliza jina kabla hujalifikia. Wawili wakiwa na majina matatu yanayofanana, naongeza namba ya uanachama.

"Bi. Baraka" alikuwa mwanamume. Baraka, Furaha, Happy na mengine ya aina hiyo hayakuambii jinsia ya mtu, na aliyechapa alikuwa amebahatisha. Ukikosa wa kumuuliza, andika "Ndg.", inamtosha yeyote. Jambo jingine la majina, zito zaidi, ni orodha za zamani. Niliwahi kuipitisha orodha ya kamati ambayo mjumbe wake mmoja alikuwa amefariki miezi miwili nyuma. Tahajia ilikuwa safi kabisa. Mjane wake alilipata tangazo lile kwenye simu ya marehemu. Tangu hapo namuuliza katibu swali lisilopendeza: wote hawa wapo?

Ndipo naingia kwenye tahajia. Kompyuta nyingi zinapigia mstari mwekundu kila neno la Kiswahili, na macho yameshazoea kuupuuza. Hata ikiwa na kamusi nzuri, makosa mabaya zaidi ni yale yanayotoa neno halali. "Mahari" ni neno, ila ni ya kuolea. "Kula" ni neno, ila si kura, na "haki ya kupiga kula" itasambazwa na vijana mwaka mzima. Haya ya l na r, pamoja na h inayodondoka au kuzuka pasipotakiwa, siyategemei macho. Nabonyeza Ctrl+F na kuyatafuta moja baada ya jingine:

```
hairish
mahari
kula
kuuzuria
shuguli
kutakuwa
```

La kwanza linanasa "umehairishwa", ambalo naliona kila wiki. Sahihi ni "umeahirishwa". La mwisho lipo kwa sababu "hakutakuwa na posho" likipoteza silabi yake ya kwanza linageuka ahadi, na ahadi hiyo watu watakudai.

Mwisho nilijitumia ujumbe mwenyewe, kwenye simu yangu, kama mwanachama. Toleo lililosafishwa lilikuwa hili:

"Mkutano Mkuu wa Mwaka ulioahirishwa utafanyika Jumamosi, 14 Machi 2026, saa 3:00 asubuhi, ukumbi wa shule, ng'ambo ya soko. Mgeni rasmi: Mkuu wa Wilaya. Mwenye haki ya kupiga kura aje na kitambulisho cha uanachama. Katibu."

Ni herufi kama 220, ukihesabu nafasi na alama. Ujumbe mmoja wa simu hubeba 160, na ukizidi hukatwa vipande vya 153, kwa hiyo hapa ni vipande viwili. Lakini rasimu ilikuwa imechapwa kwenye Word, na Word huipinda ile alama ya juu katika "ng’ambo". Alama iliyopinda haimo kwenye seti ya kawaida ya herufi za simu, na ikiwemo hata moja ujumbe wote hubadilishiwa mfumo na kila kipande hubeba 67 tu. Vipande viwili vinakuwa vinne, kwa kila mwanachama, na malipo ni kwa kipande. Nikaifuta ile alama, nikaiandika upya moja kwa moja kwenye ukurasa wa kutumia ujumbe, ikatoka imenyooka.

Tukatuma. Dakika kumi baadaye mzee mmoja akampigia katibu: "Mwanangu, shule ipi? Ya msingi au sekondari?" Zote mbili zipo ng'ambo ya soko, na zote zina ukumbi. Nimepita pale maisha yangu yote, kwa hiyo niliposoma "shule" niliiona ile ninayoijua, nikapita. Majina ya mahali nayo sasa yana mzunguko wake, na huo namwachia mtu asiyekaa mtaa wetu.