RSI ya siku 14, hisa moja, majibu mawili

Wiki iliyopita rafiki yangu anayefuatilia hisa za Soko la Dar es Salaam alinitumia picha mbili za skrini. Kampuni ileile, siku ileile, bei ya kufunga ileile, na pande zote mbili imeandikwa RSI 14, yaani kipimo cha 0 hadi 100 kinachoonyesha kama bei imekuwa ikipanda au kushuka zaidi kwa siku 14. Programu ya simu yake inasema 55. Jedwali nililomtengenezea mimi linasema 61. Chini yake ameandika: "Kaka, mmoja wenu anadanganya."

Hakuna aliyedanganya. Tumekubaliana kila kitu isipokuwa neno moja, wastani.

RSI ilitolewa na Mmarekani J. Welles Wilder mwaka 1978, enzi ambazo mtu alikuwa anakokotoa kwa kalamu na kikokotoo cha mkononi. Kila siku unaangalia bei ya kufunga imepanda au imeshuka shilingi ngapi tangu jana. Iliyopanda inaingia safu ya kupanda, na safu ya kushuka siku hiyo unaandika sifuri. Ikishuka, kinyume chake. Kisha unatafuta wastani wa kila safu kwa siku 14, na RSI ni wastani wa kupanda ukigawanywa kwa jumla ya wastani zote mbili, mara 100. (Sifuri nazo zinahesabiwa. Nimeona majedwali yanayogawanya kwa idadi ya siku zilizopanda tu, na hayo kweli yamekosea.)

Ugomvi unaanza kesho yake, wastani unapotakiwa kusogea mbele. Tuchukue mfano. Hisa ina wastani wa kupanda shilingi 50 na wastani wa kushuka shilingi 25, kwa hiyo RSI ni 66.7. Leo imeshuka shilingi 140. Tuchukulie kila njia imeamka na wastani huohuo, ingawa kwenye maisha halisi zingekuwa zimeshaachana kidogo.

Wilder anachukua wastani wa jana, anauzidisha kwa 13, anaongeza cha leo, anagawanya kwa 14. Kupanda kunakuwa 46.43, kushuka 33.21, na RSI inasoma 58.3. Ujanja wake ni kwamba hahitaji kukumbuka siku 14 zilizopita. Namba mbili za jana zinatosha, na kwa mtu wa kalamu hilo lilikuwa jambo kubwa.

EMA ya kawaida, wastani unaozipa siku za karibuni uzito zaidi, inafanana na hiyo kwa sura, ila inaipa siku ya leo uzito wa 2/15 badala ya 1/14, karibu mara mbili. Kupanda kunakuwa 43.33, kushuka 40.33, RSI 51.8. Pointi sita na nusu zimepotea, na bei haijui lolote.

Wastani wa kawaida, yaani SMA, una tabia ya tatu: unatupa nje siku ya 15 nyuma na kuingiza ya leo. Hapa jibu linategemea siku inayotoka. Kama inayotoka ilikuwa siku ya kupanda shilingi 210, jumla ya kupanda inashuka kutoka 700 hadi 490, ya kushuka inapanda kutoka 350 hadi 490, na RSI ni 50 kamili. Kama inayotoka ilikuwa siku ya kushuka shilingi 70, RSI ni 62.5. Leo ni ileile, lakini jibu linaamuliwa na jambo la wiki tatu zilizopita. Mimi binafsi siipendi kwa sababu hiyo, ingawa wanaoitumia wana hoja: hesabu yao haibadiliki kwa sababu umeanza chati Januari au Juni. Wanaiita RSI ya Cutler.

Programu za chati za TradingView na MetaTrader hutumia ya Wilder. Wanaojitengenezea wenyewe ndio hupotea mara nyingi, na kwa kawaida kosa liko kwenye herufi chache tu. Kwa pandas, maktaba ya Python ya kuchakata data:

```
kupanda.ewm(alpha=1/14, adjust=False).mean()  # Wilder
kupanda.ewm(span=14, adjust=False).mean()     # EMA
```

Mstari wa pili unaonekana halali zaidi kwa sababu 14 imekaa peke yake, na ndiyo maana watu huuandika. Lakini EMA yenye uzito wa 1/14 ni ya siku 27, si 14, kwa kuwa 2 ukigawanya kwa 28 unapata 1/14. Programu ya simu ya rafiki yangu ilikuwa ya EMA, basi nikamwambia: weka 27 kwenye simu yako. Akaweka. Ikasoma 60.8, na jedwali langu 61.0.

Hiyo 0.2 iliyobaki ilinifurahisha kuliko zile sita za mwanzo, maana ina chanzo tofauti kabisa. Njia ya Wilder inategemea wastani wa jana, nao wa juzi, mpaka mwanzo wa data. Mwanzoni hakuna wastani wa jana, kwa hiyo Wilder alichukua wastani wa kawaida wa mabadiliko 14 ya kwanza. Mistari ya pandas hapo juu haifanyi hivyo, inaanza na badiliko la kwanza peke yake. Kila siku, mwanzo huo hubaki na 13/14 ya uzito wake. Baada ya siku 14 bado una asilimia 35, baada ya siku 50 asilimia 2.5, baada ya siku 100 umebaki chini ya sehemu moja ya elfu. Simu yake ilikuwa inapakua miezi mitatu tu ya bei. Jedwali langu lina miaka. Ukiona programu inabadilisha RSI ya leo kidogo unapovuta chati kwenda nyuma, ni hilo.

Kuna jambo jingine ambalo huwasumbua zaidi watu wa soko kama letu, ambako hisa inaweza kukaa siku nyingi bila bei kusogea. Kwa Wilder na EMA, siku ambayo bei haikubadilika hupunguza kupanda na kushuka kwa kiwango kilekile, kwa hiyo RSI haisogei hata nukta. Kwa SMA inaweza kuruka, kwa sababu kuna siku inayotoka upande wa pili. Hicho ndicho kipimo changu cha haraka cha programu nisiyoijua: natafuta siku bei ilipolala. RSI ikisogea hapo, nimeshajua ni SMA.

Ila kutosogea huko kuna mtego. Tuseme ile hisa yetu ya 66.7 ililala siku 14, ndipo ikashuka shilingi 140. Programu inayojaza siku zisizo na biashara kwa bei ya jana itakuwa imepunguza wastani hadi 17.7 na 8.9. Anguko linaingia kwenye namba ndogo, na RSI inadondoka hadi 47.4. Programu inayoruka siku hizo inasoma 58.3, kama tulivyokokotoa mwanzo. Zote ni Wilder, zote 14, zote zina historia ndefu.

Jedwali langu linaruka siku ambazo hakuna hisa hata moja iliyouzwa, na linahesabu siku ambazo ziliuzwa kwa bei ileile. Rafiki yangu ameniomba niandike hilo kwenye kichwa cha safu, kwa herufi kubwa. Nimeandika.