Geji Inasoma Bar 7 na Nati Haifunguki: Dhana Potofu za Upepo wa Gereji

Dhana: Geji ya tangi ikisoma bar 7, upepo unatosha.

Geji hiyo inapima kwenye tangi tu. Chukua gereji ya malori Mtwara, msimu wa korosho: kompresa ipo kona moja, tairi linafunguliwa mita 30 kutoka hapo. Spana kubwa ya upepo inakula, tuseme, lita 800 kwa dakika, zikipimwa kama hewa ya kawaida, na inataka bar 6.2 ikiwa inazunguka. Ukiivutia mpira wenye kipenyo cha ndani cha milimita 10, takriban bar 2 zinapotea njiani. Spana inabaki na bar 5: inagonga, lakini nati haitikisiki.

Ukiachia kitufe, upepo unasimama na presha inalingana kote, kwa hiyo kila geji inasoma 7 tena. Ndiyo maana hitilafu hii haionekani. Funga geji ndogo kwenye tii karibu kabisa na spana, kisha isome huku fundi amebonyeza.

Dhana: Milimita 10 au 13, tofauti ni ndogo.

Upotevu wa presha unapungua kadiri kipenyo kinavyoongezeka, tena kwa kipeo cha tano cha kipenyo. Kwa spana ileile na mita zilezile 30, mpira wa milimita 13 unapoteza kama bar 0.6 tu, na spana inapata 6.4. Vuta bomba la chuma la robo tatu inchi hadi karibu na magari, kisha malizia kwa mpira mfupi. Upotevu kwenye bomba hautafika hata bar 0.1. Angalia pia viungio vya kuchomeka, kwani tundu jembamba la kiungio kimoja huharibu kazi ya mpira mzuri. Bomba la plastiki la maji lisitumike kabisa: likipasuka linarusha vipande kama visu.

Kupandisha presha ya kompresa badala ya kubadili mpira kunakula umeme zaidi, na njia inabaki nyembamba vilevile.

Dhana: Tangi kubwa linaongeza upepo.

Tangi linatunza, halizalishi. Kompresa ikitoa kweli lita 500 kwa dakika (kibandiko mara nyingi huandika ujazo wa pistoni, ambao ni mkubwa kuliko upepo unaotoka), spana inadai 300 zaidi. Tangi la lita 300 likishuka kutoka bar 10 hadi 7 linatoa lita 300 × 3, yaani 900 za hewa ya kawaida. Zigawe kwa zile 300 zinazopungua kila dakika: dakika 3 za kubonyeza mfululizo. Kwa nati kumi za sekunde kumi kila moja, linatosha.

Kwa kupiga mchanga fremu nusu saa nzima, halitoshi. Kwa upungufu uleule, tangi la lita 600 litakupa dakika 6, kisha utasimama kusubiri. Hapo kinachohitajika ni kompresa kubwa zaidi.