Siyo kila "moja mbili tatu" ni walsi: ufafanuzi kwa watahiniwa, wazazi na walimu

Msimu huu malalamiko kuhusu swali la kutaja aina ya dansi yamekuwa mengi, na karibu yote yanafanana: mtoto alisikiliza, akahesabu tatu, akaandika walsi, akakosa. Sisi wa usahihishaji tumeona bora tueleze hadharani.

Kipande kilicholeta kelele zaidi kilikuwa piano peke yake, kipimo cha tatu kwa nne, mwendo wa wastani. Kuhesabu tatu ilikuwa sahihi kabisa, hilo hatubishi. Ila tatu haikupi jina, inakuambia tu umeingia kundi gani, na humo ndani kuna walsi, mazurka, minueti na wengine. Jina linatoka kwenye uzito, yaani pigo gani limekandamizwa.

Kwenye walsi uzito uko kwenye moja. Besi inadondoka chini kwenye moja, halafu kodi mbili nyepesi zinafuata juu, mbili na tatu, na inajirudia hivyo hivyo kila bari mpaka mwili unaanza kuzunguka wenyewe. Ile ya Viyena inakimbia, dansi ya mashindano inafika bari 58 mpaka 60 kwa dakika, kwa hiyo unachosikia vizuri ni ile moja tu, halafu walsi ya taratibu ni kama nusu ya hapo, bari 28 mpaka 30. Spidi inatofautiana mno lakini uzito hauhami.

Sasa rudi kwenye kipande chetu. Pigo la kwanza lilikuwa limegawanywa, noti ndefu kidogo halafu fupi imeidandia, kisha msisitizo ukaja kwenye la pili, na bari nyingine kwenye la tatu. Na sentensi ya muziki ilipoisha haikutua kwenye moja, ilitua kwenye pili, kama mtu anayekanyaga chini kwa kisigino. Hiyo ni mazurka, ya Poland. Shopeni ameandika mazurka na walsi pia, zote za tatu, kwa hiyo kujua mtunzi hakukusaidii, naomba hili lieleweke manake kuna watu wanakariri watunzi badala ya kusikiliza.

Watahiniwa wa pwani wana mtego wao. Sikio lililokulia kwenye chakacha limezoea sita kwa nane, tatu na mbili zikipishana, kwa hiyo walsi ya Viyena ikikimbia wanaunganisha bari mbili wanaandika sita. Fuata besi: ikidondoka kwa uzito uleule kila baada ya tatu na kodi mbili nyuma yake, bila kitu kingine kupishana nayo, ni walsi.

Upande wa mbili kwa nne, ugomvi ni polka na tango. Gawanya bari vipande vidogo nane uhesabu polepole. Polka, dansi ya Bohemia ya miaka ya 1830, inagonga moja, tatu, tano, saba, besi kodi besi kodi, sawasawa na kwa uchangamfu. Habanera, ambayo tango ya zamani imebeba mdundo wake, inagonga moja, nne, tano, saba. Kilichohama ni pigo moja tu, la tatu limesogea kwenye nne, na mwendo umetulia, na hapo ndo ule mvuto wa kujivuta unapozaliwa. Ila usingoje huo mdundo kila mara, tango nyingi za baadaye zimeuacha, zinatembea kwa nne zilizokatwa fupi na kali, halafu mwishoni zinafunga kwa kodi mbili, ya kwanza ina nguvu na ya mwisho inaguswa tu.

Utaratibu sasa, tafadhali msome wote. Swali lina alama 3: jina alama 1, sababu mbili alama 1 kila moja. Sababu lazima iwe kitu ulichosikia, mfano "msisitizo pigo la pili". Kuandika "inachangamka" au "ya kizungu" haihesabiwi, na hili tumelisema mara nyingi sana. Ukiandika majina mawili, mfano walsi/mazurka, alama ya jina inakuwa sifuri hata kama moja ni sahihi. Ukitaka kubadilisha kata mstari mmoja, andika jipya pembeni, usifute wala kupaka wino mweupe. Jina likikosewa sababu bado zinasahihishwa, kwa hiyo aliyeandika walsi lakini akasema pigo la kwanza limegawanywa na mwisho umetua kwenye la pili amepata 2. Anayekata rufaa aeleze ni sababu ipi haikuhesabiwa na kwa nini anaona ilistahili, rufaa inayosema tu "ilikuwa ya tatu" inarudishwa bila kusikilizwa upya.