Kabla ya kuhariri PDF, jua kama unachokiona ni picha au maandishi

Katibu mmoja aliniletea muhtasari wa kikao wa ukurasa mmoja. Tarehe ya kikao kijacho ilipaswa kuwa 24, lakini imeandikwa 14. Alikuwa ameshairekebisha kwenye programu ya kuhariri PDF, na akitafuta "24" faili linampeleka pale pale panapohusika. Tatizo ni kwamba kwenye skrini bado inasomeka 14, na kwenye karatasi inachapwa 14.

Kwa anayeshughulika na mafaili haya kila siku, dalili hiyo inatosha. Karatasi ilipitishwa kwenye skana, kisha programu ya kutambua herufi ikaisoma picha na kuweka maandishi yasiyoonekana juu yake, ili mtu aweze kutafuta na kunakili maneno. Jicho linaona picha. Kitafutio kinasoma maandishi yaliyofichwa. Katibu alibadilisha hayo yaliyofichwa tu.

Ukivuta ukurasa hadi asilimia 800 utaliona jambo lenyewe. Herufi ya maandishi halisi hubaki na kingo safi hata uikuze vipi, kwa sababu huchorwa upya kutoka kwenye fonti. Herufi iliyo ndani ya picha huanza kuonyesha vijiraba vya pikseli na ukungu wa kijivu pembeni. Usijaribu kupima kwa kuburuta kipanya na kuona kama maneno yanachagulika, maana tabaka lililofichwa nalo huchagulika. Kwa uhakika zaidi mimi hutumia amri mbili za Poppler, mkusanyiko wa zana za kuchunguza PDF:

```
pdfimages -list muhtasari.pdf
pdffonts muhtasari.pdf
```

Ya kwanza ilinionyesha picha moja tu, pikseli 2480 kwa 3508, yaani ukurasa mzima wa A4 kwa nukta 300 kwa inchi. Ya pili ilitaja fonti moja, `GlyphLessFont`. Hiyo ni fonti isiyo na umbo la herufi hata moja, ambayo Tesseract, programu ya kutambua herufi, huitumia kubeba maandishi yake yasiyoonekana. Kwa hiyo hapakuwa na maandishi halisi ya kuhariri. Kazi yote ilikuwa kwenye picha.

Niliitoa picha kama ilivyo:

```
pdfimages -all muhtasari.pdf ukurasa
```

Nikaifungua kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha. Hapa wengi hukosea kwa kuandika "2" mpya kwa fonti inayofanana. Inakuwa nyeusi mno na kali mno kando ya wino uliopita kwenye skana, na mtu anaiona mara moja. Nilitafuta "2" nyingine kwenye ukurasa ule ule, yenye ukubwa ule ule, nikainakili pamoja na weupe unaoizunguka, nikaifunika "1". Nikahifadhi kwa PNG, kwa kuwa JPEG ikibanwa mara ya pili huongeza madoa kuzunguka kila herufi. Faili hukua, lakini herufi hazichakai.

Kisha ikarudi kwenye PDF:

```
img2pdf --pagesize A4 ukurasa.png -o mpya.pdf
ocrmypdf -l swa --output-type pdf mpya.pdf mwisho.pdf
```

Usiiache `--pagesize`. Picha isipobeba kipimo cha nukta, img2pdf huchukulia 96 kwa inchi, na ukurasa wa sentimita 21 hutoka na upana wa zaidi ya 65. Amri ya pili huisoma picha upya na kujenga tabaka jipya lililofichwa. Ukiiruka hutakuwa na uwezo wa kutafuta neno lolote. Na ukirudisha picha mpya chini ya tabaka la zamani, unapata kosa la katibu kwa upande wa pili: jicho linaona 24, kitafutio kinasoma 14.

Kama muhtasari ungetoka moja kwa moja kwenye programu ya kuandikia, GIMP isingehitajika kabisa. Ningebadilisha tarakimu kwenye kihariri cha PDF na kumaliza, ila kwa sharti moja. Mara nyingi PDF hubeba zile herufi za fonti zilizotumika tu. Ikiwa hivyo, `pdffonts` huonyesha `yes` chini ya `sub`. Kama "2" haikutumika popote kwenye waraka na fonti kamili haimo kwenye kompyuta yako, kihariri kitaazima fonti nyingine. Sentensi ndefu nayo ni shida, kwa sababu kila mstari umewekwa mahali pake na maneno ya ziada hayashuki yenyewe vizuri kwenye mstari unaofuata. Marekebisho ya aina hiyo ni bora yafanywe kwenye faili la awali, kisha PDF itolewe upya.

Faili la katibu nililikagua kwa njia mbili kabla ya kumrudishia. Nilichapa ukurasa na kuutazama, kisha nikaendesha `pdftotext mwisho.pdf -` kuyatoa maandishi yaliyofichwa na kusoma mstari wa tarehe. Zote mbili zilitoa 24.