Salio la leja linapokosea bila kuonyesha kosa

Mwezi uliopita mama mmoja mwenye duka la vyakula aliniletea leja yake ya Excel. Leja ilisema ana 560,000, lakini sandukuni mlikuwa na 535,000. Alikuwa ameshaanza kumhoji kijana wake wa kaunta. Yule kijana hakuwa na hatia. Kosa lilikuwa kwenye fomula.

Mapato yake yalikuwa safu ya C, matumizi D, salio E. Kila mstari ulichukua salio la juu yake, kwa mfano mstari wa 5:

```
=E4+C5-D5
```

Salio la mstari wa 4 lilikuwa 640,000. Mstari wa 5 ulikuwa mauzo ya 220,000, kwa hiyo salio likawa 860,000. Baadaye akakumbuka nauli ya mzigo, 25,000, akaingiza mstari mpya katikati na kuujazia fomula. Nauli ikakaa mstari wa 5, salio lake 615,000, sawasawa kabisa. Lakini mauzo yaliyosukumwa hadi mstari wa 6 yalibaki na fomula hii:

```
=E4+C6-D6
```

Excel inaposogeza mstari, fomula huendelea kuishika seli ileile iliyoishika tangu mwanzo. Mauzo yaliendelea kusoma E4, yakairuka nauli, na salio likabaki 860,000 badala ya 835,000. Kuanzia hapo kila salio chini yake lilizidi kwa 25,000, na hakuna onyo lolote lililotokea.

Kufuta mstari kuna nafuu, maana kosa linajitangaza: seli iliyotegemea mstari uliofutwa huandika `#REF!`, na zote za chini hufuata. Rekebisha ile ya kwanza tu, zilizobaki zitapona zenyewe.

Mimi nilimbadilishia fomula yote. Salio la kuanzia nililihamishia C2 kama mapato, kisha E2 nikaandika hivi na kuivuta hadi chini:

```
=SUM(C$1:C2)-SUM(D$1:D2)
```

Hapa hakuna mstari unaotegemea salio la jirani. Ukiingiza mstari katikati, masafa ya mistari ya chini yanatanuka na kuubeba, ukiufuta, yanasinyaa. Nimeanzia mstari wa 1, wenye vichwa, kwa makusudi: SUM haihesabu maandishi, na hata ukiingiza mstari juu kabisa ya miamala bado utakuwa ndani. Mstari mpya wenyewe bado unahitaji fomula, basi simama kwenye seli yake ya E ubonyeze Ctrl+D. Kama mstari huo uko moja kwa moja chini ya vichwa, nakili fomula ya seli iliyo chini yake, kwa sababu Ctrl+D itavuta kichwa.

Leja yenye maelfu mengi ya mistari itakuwa nzito kwa njia hii, kwa sababu kila seli inajumlisha upya tangu juu. Kwa duka kama lake, faili moja kwa mwaka linatosha.

Kama leja yako bado ina fomula ya zamani, bonyeza Ctrl+` uzione fomula zote, kisha shuka na safu ya E ukitafuta mstari unaosoma salio la mistari miwili juu yake. Yule mama aliuona mwenyewe, akanyanyua simu palepale kumpigia kijana wake.